Kabla Hujalipia Kipimo Ulichokiona Pichani

Picha hizi huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, ya vyama na ya mitaa: kidude cha kubana kidole chenye tarakimu nyekundu, au bastola nyeupe ya kupima joto kwenye paji la uso. Chini yake kuna bei, namba ya M-Pesa na neno “orijino”. Anayeuza si lazima awe mwongo. Huenda amechukua mzigo wa mchanganyiko Mombasa, chaja na tochi na vipimo ndani ya katoni moja, na kuhusu ubora wake anakisia tu kama wewe.

Kwa anayekaa Kikambala, bei ndiyo hoja ndogo. Namba itakayotoka kwenye kidude hicho ndiyo itakayoamua kama usiku wa manane itafutwe tuktuk ya kumkimbiza mzee Mtwapa, au gari la kumfikisha hospitali ya kaunti mjini Kilifi, mwendo wa kilomita 30 hivi kwa barabara ya Malindi, au alale hadi asubuhi. Ikisoma 98, nyumba nzima inalala. Ndiyo maana kipimo kinachosoma 98 kwa kila mtu na kila siku ni kibaya kuliko kukosa kipimo: asiye nacho angemtazama mgonjwa mwenyewe.

Picha ina uwezo wake, na uwezo huo una mpaka. Inaweza kukupa sababu ya kukikataa kifaa. Haiwezi kukupa sababu ya kukiamini. Ukilishika hilo, unaacha kuiuliza picha “je, hiki ni kizuri?” na unaanza kuiuliza maswali inayoweza kuyajibu.

Swali la kwanza ni hili: hiki ni kitu gani hasa? Oksimita ya kidole ni rahisi kuitambua: ni kibanio kinachofunguka kama mdomo, ukubwa wake kama wa kiberiti, na kwenye kioo chake utaona maandishi “%SpO2”, yaani kiwango cha oksijeni, na “PRbpm” au alama ya moyo, yaani mapigo kwa dakika. Namba ya oksijeni haivuki 100. Hakuna digrii hapo wala desimali, kwa hiyo aliyekutumia picha ya oksimita akisema “joto la mtoto ni 97” amesoma kitu kingine kabisa.

Themometa ndizo zenye mkanganyiko. Ile ya kijiti, ya kuweka kwapani au chini ya ulimi, ina ncha butu ya chuma, kioo kidogo cha kijivu na kitufe kimoja. Ukikutana na kijiti chenye mwiba mrefu uliochongoka na kipimo kinachofika digrii 200 au 300, hicho ni cha jikoni, cha kuchomeka kwenye nyama ndani ya oveni. Hakina kazi kwapani.

Bastola zinahitaji macho zaidi, kwa sababu zipo za aina mbili na wauzaji huzichanganya. Moja imetengenezwa kupima watu. Nyingine ni ya mafundi: ya kuangalia joto la injini, la bomba la friji, la jiko la piza. Zote mbili hupima joto bila kugusa, na pichani zinafanana umbo. Tafuta maandishi. Ya fundi huwa na pembetatu ya njano ya kuonya kuhusu miali ya leza, na ubavuni au kwenye boksi imeandikwa “-50~380°C” au namba ya jinsi hiyo, pengine pamoja na “EMS 0.95” au “D:S 12:1”. Hakuna binadamu wa digrii 380. Kifaa kilichotengenezwa kwa masafa marefu namna hiyo kwa kawaida huruhusiwa na mtengenezaji wake kukosea digrii 1.5 hivi, na digrii 1.5 ndiyo tofauti kati ya mtoto wa 37.0 asiye na homa na mtoto wa 38.5 anayetakiwa kupimwa malaria. Bastola ya kupima watu husoma kuanzia digrii 32 hivi hadi 42 na kitu, ina neno “Body” kwenye kioo au kwenye kitufe, na kosa lake linaloruhusiwa ni sehemu mbili au tatu za kumi za digrii.

Hata hiyo ya watu ina mtego. Nyingi zina hali mbili, “Body” na “Surface”. Ya pili husoma joto la juu ya kitu, kama maji ya kuogea mtoto au chupa ya maziwa, bila kulibadilisha liwe joto la mwili. Ikiachwa hapo, paji la mtu mzima wa afya litasoma 33 au 34, na watu watasema kifaa kimeharibika au mgonjwa ameshikwa na baridi. Kwa hiyo ukitumiwa picha ya bastola yenye 34.1, kabla ya kusema neno, kuza picha uone ni hali ipi imewashwa.

Sasa turudi kwenye oksimita, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea na hatari ni kubwa zaidi. Ukijua inavyofanya kazi, nusu ya udanganyifu wa pichani utaugundua mwenyewe. Upande mmoja wa mdomo wake kuna taa mbili ndogo, moja nyekundu na nyingine ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Upande wa pili, mkabala nazo, kuna kijidirisha cha kupokea mwanga uliopenya kidole. Damu yenye oksijeni na ile iliyopungukiwa hazinyonyi mianga hiyo miwili kwa kiasi kimoja. Lakini kidole kina nyama, mfupa na ngozi pia, navyo vinanyonya mwanga. Mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliona kwamba ukifuata ile sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka na mapigo ya moyo tu, unapata habari za damu ya ateri peke yake. Oksimita zote za vidole zimejengwa juu ya wazo hilo.

Linalofuata ni jepesi: bila mapigo hakuna namba. Picha inayoonyesha mdomo mtupu, hakuna kidole, na kioo kinawaka 99 na 72, ama imechorwa kwa kompyuta ama ni ya kifaa kinachobuni. Picha ya kuchora ya tangazo si kosa, hata viwanda vya heshima huzitumia. Kosa ni muuzaji kukosa picha ya kifaa alichonacho mkononi. Omba picha ya mdomo ukiwa wazi, ndani kuonekane. Lazima uone vijidirisha viwili vinavyotazamana. Ukiona taa nyekundu upande mmoja, na upande wa pili ni plastiki tupu, umeuziwa tochi.

Usimhukumu mtu, hata hivyo, kwa tarakimu zilizokatika. Vioo vingi vya taa nyekundu huwasha vipande vya tarakimu kwa zamu, haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Kamera ya simu ina kasi, inavikuta vingine vimezimika: 8 inatoka kama 6, au mstari mweusi unapita katikati ya kioo. Piga picha nyingine, au chukua video.

Kuna kosa jingine la picha ambalo halihusu ununuzi, bali kusoma, na linawapata hasa watoto walio mbali, Nairobi au Dubai, wanaotumiwa picha ya kidole cha mama kila jioni. Chukua oksimita inayoonyesha namba mbili, moja juu ya nyingine: oksijeni 98 juu, mapigo 68 chini. Mzee mzima kabisa. Sasa anayepiga picha amesimama upande wa pili wa kitanda, na picha inafika ikiwa kichwa chini. Zungusha 68 kichwa chini, inakuwa 89, nayo sasa iko juu. Zungusha 98, inakuwa 86, nayo iko chini. Mtoto aliye Dubai anasoma oksijeni 89, mapigo 86, namba mbili zinazoingia akilini kabisa kwa mgonjwa wa mapafu, na simu zinaanza kupigwa nyumba nzima. Dawa yake ni kutosoma namba kabla ya kusoma herufi. Tafuta “%SpO2” kwanza. Ikiwa imelala kichwa chini, geuza simu. Baadhi ya oksimita hugeuza maandishi ukibonyeza kitufe, jambo linaloongeza mkanganyiko, kwa hiyo kubalianeni nyumbani kwamba kila picha ipigwe herufi zikiwa wima.

Turudi kwa muuzaji. Picha ya mbele ya kifaa ina habari chache kuliko ya mgongo wake. Mgongoni, au ndani ya mlango wa betri, kifaa cha kitabibu hubeba kibandiko chenye jina la kiwanda pembeni ya kialama cha jengo lenye paa la meno, jina la modeli, namba ya kifaa baada ya “SN” au ya toleo baada ya “LOT”, na mwaka wa kutengenezwa. Mara nyingi kuna pia kialama cha mtu ndani ya mraba, kinachosema kwamba sehemu inayomgusa mgonjwa imekaguliwa kwa usalama wa umeme. Kisicho na jina la kiwanda popote, bali jina la biashara tu lililopigwa chapa mbele, kiache. Kikikosea hakuna wa kumuuliza.

Kisha kuna herufi CE, ambazo kila mtu anazijua na wachache wanazisoma. CE ni alama ya soko la Ulaya. Kwa vitu vingi mtengenezaji hujibandikia mwenyewe. Lakini oksimita, na themometa ya kupima joto la mwili, haziko katika kundi hilo: lazima chombo huru kikague, na namba ya chombo hicho, tarakimu nne, iandikwe kando ya herufi. CE 0123 ni TÜV SÜD ya Ujerumani, CE 0197 ni TÜV Rheinland. Namba hizi zimeorodheshwa na Tume ya Ulaya katika daftari la mtandaoni liitwalo NANDO, na yeyote mwenye simu anaweza kutazama. Kwa hiyo oksimita yenye CE peke yake, haina tarakimu nne, inajitolea ushahidi dhidi yake yenyewe. Yenye tarakimu nne bado haijashinda kesi, kwa maana wino ni rahisi na mwigaji hunakili kila kitu. Hapo ndipo unapolinganisha: modeli iliyoandikwa kwenye kifaa, iliyoandikwa kwenye boksi na iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Mwigaji huchanganya mabaki ya huku na kule, na zikitofautiana hata kwa herufi moja, huna sababu ya kuendelea.

Cheti cha FDA nacho ni hirizi ya wauzaji. Utatumiwa karatasi yenye tai, muhuri wa dhahabu na nembo ya mamlaka ya Marekani, “Certificate of Registration”. Mamlaka hiyo yenyewe imeeleza kwamba haitoi vyeti vya namna hiyo, na kwamba kujisajili si kuidhinishwa. Kinachohesabika ni namba ya kibali inayoanza na K, ambayo hutafutwa katika hifadhi yao ya wazi kwa jina la modeli. Anayeringia karatasi yenye tai mbele yako amekurahisishia uamuzi.

Soma pia maandishi madogo ya kando. “Not for medical use”, au maneno yanayosema kifaa ni cha michezo na marubani tu, maana yake mtengenezaji mwenyewe amejitoa: hakubali kitumike kwa mgonjwa. Nyingi ya saa za mkononi zinazodai kupima oksijeni ziko katika kundi hilo, na programu za simu zinazokutaka uweke kidole juu ya kamera hazistahili hata kujadiliwa kwa mtu anayehema kwa shida.

Kuomba picha zaidi si kumvunjia mtu heshima. Ujumbe wa namna hii unatosha: “Salaam, kaka. Kabla sijalipa naomba picha ya mgongo wa kifaa, maandishi yasomeke, na ya upande wa boksi wenye jina la kiwanda. Halafu video moja isiyokatwa: kiwashe kikiwa kitupu, weka kidole chako nusu dakika, kisha kitoe.” Muuzaji mwenye mali mkononi anaifanya kwa dakika mbili. Mwenye picha za kuokota atakwambia utakiona ukishalipa.

Katika video hiyo tazama mambo matatu. Kikiwa kitupu, kifaa kionyeshe vistari au “Finger out”, au kijizime baada ya sekunde chache. Kidole kikiingia, namba isije papo hapo. Kifaa cha kweli huhitaji mapigo kadhaa kabla ya kusema, mara nyingi sekunde tano hadi kumi, na namba ya kwanza hutetereka kabla ya kutulia. Vile vinavyochora wimbi au mwamba unaopanda na kushuka, viuchore kwa mpigo ulio sawasawa. Kidole kikitoka, namba ipotee. Kinachotoa 98 mara tu mdomo unapofungwa hakijapima chochote.

Watu watakwambia ujaribu kwa kalamu. Mwaka 2021, India ilipolemewa na wimbi la pili la korona, video zilienea za oksimita zikisoma oksijeni ya kalamu. Jaribio hilo lina maana, ila usiliamini kupita kiasi. Hata oksimita nzuri, kwenye mwanga unaotikisika au mkono unaotetemeka, inaweza kudanganyika kwa muda ikadhani kutikisika huko ni mapigo. Kinachohukumu ni kalamu iliyotulia juu ya meza, na namba iliyotulia nayo.

Jaribio bora zaidi hufanyika kifaa kikishafika, ndiyo maana ni heri kununua mahali unapoweza kurudisha: duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyotundikwa ukutani, hata ikibidi uende hadi Mtwapa. Kaa utulie dakika tano. Weka kifaa kidoleni, na mtu mwingine akuhesabie mapigo kwenye kifundo cha mkono wa pili kwa dakika nzima, akiangalia saa. Kifaa na hesabu vitofautiane mapigo matatu, manne, si kumi na tano. Kisha mtu mzima mwenye afya apande ngazi au azunguke nyumba mbio na kupimwa tena: mapigo lazima yapande, oksijeni ibaki karibu palepale. Kifaa bandia kinachobuni hukaa kwenye mapigo 70 na kitu hata kwa kijana anayehema. Usimjaribie mgonjwa, wala usimwambie mtu azuie pumzi ili uone namba ikishuka.

Kikishinda hayo yote umejua kwamba kinahesabu mapigo. Bado hujajua kama namba ya oksijeni ni ya kweli, na hapa ndipo picha, video na majaribio ya nyumbani yote yanapoishia. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kalifornia, San Francisco, walichapisha matokeo ya kupima oksimita sita za bei rahisi. Walizilinganisha na damu ya mshipa wa ateri ya watu waliojitolea kushushwa oksijeni kwa uangalizi. Mbili ndizo zilizofikia kiwango cha kimataifa. Nyingine nne hazikufikia, na makosa yalikuwa makubwa pale oksijeni iliposhuka sana, yaani pale hasa unapoihitaji. Kwenye mtu mzima mwenye 98, nzuri na mbaya zote husema 98. Chuo hichohicho sasa kinaendesha mradi unaochapisha matokeo ya modeli mbalimbali kwenye openoximetry.org; ukiwa na jina la modeli kutoka ile picha ya mgongo, litafute hapo. Ila jina linaloaminika ndilo linaloigwa zaidi, kwa hiyo kibandiko kisome kwa makini uleule.

Kuna jambo linalotuhusu sisi hasa, nalo halitegemei bei. Mnamo Desemba 2020 madaktari wa Marekani walichapisha ulinganisho wa oksimita za hospitali na vipimo vya damu vya maabara. Kati ya vipimo ambavyo oksimita ilisoma 92 hadi 96, kwa wagonjwa weusi karibu 12 katika kila 100 vilikuta oksijeni halisi iko chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa karibu 4. Rangi ya ngozi hunyonya sehemu ya mwanga, na vifaa vingi vilirekebishwa kwa kutumia watu wengi wa ngozi nyeupe. Hivyo ikiwa kidole chetu kinasoma 93, chukulia kwamba huenda hali ni mbaya kuliko namba, si nafuu kuliko namba. Kipimo kinachorudia kuwa chini ya 94 kwa mtu ambaye kawaida yake ni 97 ni cha kumpeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Chini ya 90 ni dharura, usiku au mchana.

Halafu kuna hina na piko. Bibi harusi aliyepakwa piko nyeusi hadi kwenye kucha anaweza kuifanya oksimita ikose kusoma, au isome kasoro, bila ya kifaa kuwa na kosa. Rangi ya kucha iliyokoza nayo ni vivyo hivyo. Tafuta kidole kisichopakwa, hata cha mguu. Na kibanio cha mtu mzima hakimfai mtoto mchanga. Kidole chake hakizibi kati ya taa na kipokezi, mwanga unapita pembeni, na namba inayotoka haina maana. Wachanga wana vihisi vyao, na viko hospitalini.

Kwa themometa ya kijiti maneno ni machache. Omba picha ya sekunde ya kwanza ya kuwashwa: vipande vyote vya kioo huwaka pamoja, “188.8”, na kipande kilichokufa huonekana hapo hapo. Kisha iwe na “Lo” au “L” ikiwa hewani, kwa kuwa chumba chetu cha digrii 29 kiko chini ya masafa yake. Kijiti kinachosoma 36.5 kikiwa juu ya meza kinabuni. Kikifika, kilinganishe na cha zahanati kwenye kwapa lilelile, kimoja baada ya kingine. Au mwombe mhudumu wa afya wa kijiji, kwani mikoba waliyopewa na serikali tangu Septemba 2023 ina themometa. Tofauti ya sehemu mbili tatu za kumi inavumilika. Bastola ilinganishe ndani ya nyumba, mtu akiwa amepumzika kwenye kivuli robo saa na jasho limefutwa. Aliyetoka juani Kikambala saa saba mchana ana paji linalosoma homa ya jua.

Swali linalobaki ni la nyumba ambayo kifaa chake kimekataliwa, au kiko mashakani, na mtoto anahema. Mwaka 2009 watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome Trust wana kituo chao tangu 1989, waliripoti kwamba dalili za kutazama kwa macho hubashiri vibaya upungufu wa oksijeni kwa watoto, na wakapendekeza oksimita zitumike hata katika vituo vyenye uwezo mdogo. Hiyo ni hoja ya kumfikisha mtoto penye oksimita ya kuaminika, si hoja ya kukaa nyumbani na ya mashaka.

Hadi mtafika, mhesabu pumzi. Mfunue kifua akiwa ametulia, si akilia wala akinyonya, na uhesabu kila kifua kinapoinuka kwa dakika nzima. Mchanga wa chini ya miezi miwili akifika 60, wa miezi miwili hadi chini ya mwaka akifika 50, wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano akifika 40, anahema kasi na anatakiwa kuonwa na mhudumu wa afya siku hiyo. Kama mbavu za chini zinaingia ndani kila anapovuta hewa, anakoroma katika kutoa pumzi, midomo imebadilika rangi, hawezi kunyonya, au amelegea hawezi kuamshwa, usihesabu tena wala usitafute kidude. Tafuta gari.